Asubuhi hisa za FedEx zilipoporomoka

Alhamisi ya tarehe 15 Septemba 2022, soko la hisa la New York lilipofungwa saa kumi alasiri, hisa moja ya FedEx ilikuwa na thamani ya dola 204.87. Muda mfupi baadaye kampuni hiyo ya usafirishaji wa vifurushi, yenye makao yake makuu Memphis katika jimbo la Tennessee, ilitoa taarifa ambayo hakuna aliyekuwa anaitarajia siku ile. Kesho yake soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, na bei ilianza chini kabisa, mbali na pale ilipoachwa jana. Hadi jioni hisa ile ile iliuzwa dola 161.02. Zaidi ya asilimia 21 ya thamani ya kampuni, yaani takriban dola bilioni 11, ilikuwa imeyeyuka, na hakuna ndege iliyoanguka wala ghala lililoungua. Kwa FedEx lilikuwa anguko kubwa kuliko lolote lililoonekana kwa siku moja katika miaka zaidi ya arobaini.

Taarifa za namna hii huitwa onyo la faida. Kampuni inawaambia wenye hisa, kabla ya siku ya kutoa hesabu zake, kwamba hesabu hizo zitakuwa mbaya kuliko walivyotarajia. Mara nyingi onyo hilo huja pamoja na jambo la pili, ambalo ni kushusha makadirio, yaani matarajio ambayo kampuni yenyewe iliyatangaza kuhusu faida ya miezi ijayo. FedEx ilifanya yote mawili kwa mpigo, na hata ikavuka hapo. Kisa chake kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu karibu kila swali ambalo mwenye hisa anapaswa kujiuliza siku kama hiyo limo ndani yake.

Tuanze na kile kampuni ilichokuwa imeahidi. Wakati huo mwaka wa hesabu wa FedEx ulikuwa ukiisha tarehe 31 Mei. Mwezi Juni 2022 iliwaambia wawekezaji kwamba kwa mwaka ulioanza itapata faida ya kati ya dola 22.50 na 24.50 kwa kila hisa, bila kuhesabu baadhi ya gharama za mara moja na marekebisho ya mifuko ya pensheni ya wafanyakazi. Raj Subramaniam alikuwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha mkurugenzi mtendaji, akimrithi mwanzilishi Fred Smith, na katikati ya mwezi huo kampuni ilipandisha gawio lake kwa zaidi ya nusu. Kila ishara ilionyesha nyumba yenye neema.

Makadirio hayo hayabaki kwenye karatasi. Wachambuzi wa mabenki na madalali wa hisa huyachukua, wakayaingiza kwenye hesabu zao, kisha kila mmoja akatoa nambari yake kwa kila robo ya mwaka. Wastani wa nambari hizo ndio soko huuita matarajio. Kwa robo ya Juni hadi Agosti 2022, wachambuzi walitarajia FedEx ipate kama dola 5.10 kwa kila hisa, na bei ya hisa sokoni ilikuwa tayari imejengwa juu ya matarajio hayo. Mtu anayenunua hisa hanunui faida iliyokwisha kupatikana. Analipia sehemu ya faida itakayokuja, na anayemweleza ukubwa wake ni kampuni yenyewe.

Sasa taarifa ya tarehe 15 Septemba ilisema nini? Ilisema mapato ya robo ile yalikuwa dola bilioni 23.2, na faida dola 3.44 kwa kila hisa. Tazama nambari hizo mbili kwa makini. Wachambuzi walikuwa wametarajia mapato ya kama dola bilioni 23.6, kwa hiyo upungufu wa mapato haukufika hata asilimia 2. Lakini faida ilipungua kwa theluthi nzima ikilinganishwa na matarajio. Tena, robo kama hiyo mwaka uliotangulia mapato yalikuwa dola bilioni 22.0 na faida dola 4.37 kwa hisa. Fedha zilizoingia mlangoni ziliongezeka, na bado faida ikashuka. Inawezekanaje?

Fikiria basi la abiria 50 linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mafuta, dereva, kondakta, matairi na marejesho ya mkopo hugharimu sawa na nauli za abiria 45. Nauli za watano waliobaki ndizo faida ya mwenye basi. Siku wakikosekana abiria wawili, mapato yamepungua kwa asilimia 4 tu, na huenda mtu aliyesimama stendi asigundue kwamba kuna viti vitupu. Lakini mwenye basi amepoteza abiria wawili kati ya watano waliomletea faida, yaani asilimia 40 ya alichokuwa apeleke nyumbani. Hawezi kumwambia dereva aendeshe kwa asilimia 96.

FedEx ina ndege mamia na magari maelfu kwa maelfu. Ndege inayotoka Asia usiku kuelekea Memphis huruka kwa ratiba, ikiwa imejaa au ikiwa na mzigo nusu, na rubani hulipwa vilevile. Kampuni ilieleza kwamba idadi ya vifurushi ilipungua kwa kasi katika wiki za mwisho za robo ile. Kitengo chake cha usafiri wa haraka kilikosa takriban dola milioni 500 za mapato ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imezipigia hesabu, na kile cha barabarani kikakosa kama dola milioni 300. Viwango vya juu vya bei na tozo za mafuta viliziba sehemu ya pengo upande wa mapato. Upande wa gharama hapakuwa na wa kuziba, kwa sababu gharama hazishuki kwa kasi ambayo wateja huondoka nayo. Katika kila dola 100 zilizoingia robo ile, zilibaki kama dola 5 tu baada ya kulipa gharama za uendeshaji. Biashara yenye mabaki membamba namna hiyo haina pa kuegemea mapato yakiteleza kidogo.

Kwa hiyo mtu anayesoma onyo la faida asikomee kwenye mauzo. Aulize kwanza kama kampuni ina gharama nyingi zisizobadilika. Shirika la ndege, kiwanda cha saruji, hoteli na kampuni ya simu zote ziko kundi moja na lile basi, na kwao upungufu mdogo wa wateja huonekana mkubwa sana kwenye faida.

Hata hivyo faida ya robo moja peke yake haielezi anguko la dola 43 kwa hisa. Faida ilikosa dola 1.66 tu kwa kila hisa. Soko lingekuwa linahesabu hasara ya miezi mitatu iliyopita pekee, bei ingeshuka kidogo na siku ingepita. Kilichoiporomosha bei kilikuwa aya nyingine ya taarifa ile ile, pale kampuni iliposema kwamba inayaondoa makadirio yake ya mwaka mzima. Haikuyashusha. Iliyaondoa kabisa, kwa maelezo kwamba mazingira hayatabiriki. Kwa robo iliyofuata ilisema inatarajia dola 2.75 au zaidi kwa hisa, wakati wachambuzi walikuwa kwenye nambari iliyokaribia maradufu yake.

Hapa hesabu ya soko inaweza kufuatwa kwa kalamu. Bei ya dola 204.87, ukiigawa kwa katikati ya makadirio ya Juni, yaani dola 23.50, unapata kama 8.7. Maana yake wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban dola 8.7 kwa kila dola moja ya faida ya mwaka iliyotarajiwa. Chukua sasa bei ya Ijumaa jioni, dola 161.02, uigawe kwa 8.7 ile ile. Jibu ni kama dola 18.50. Kwa lugha nyingine, ndani ya siku moja soko lilijiandikia makadirio mapya, dola tano chini ya yale ya kampuni, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amekataa kusema. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kushusha makadirio na kuyaondoa. Yakishushwa, soko lina nambari mpya ya kushika, hata kama ni chungu. Yakiondolewa, kila mtu hujitungia yake, na mwenye hofu zaidi ndiye huwa wa kwanza kuuza.

Kuna jambo la kiufundi ambalo huwaumiza watu wa kawaida asubuhi kama ile, na nadhani halisemwi vya kutosha. Wawekezaji wengi hujilinda kwa kuweka agizo kwa dalali: bei ikishuka hadi kiwango fulani, uza. Mtu aliyeweka agizo la dola 190 kwa hisa za FedEx alilala akiamini kwamba hawezi kupoteza zaidi ya dola 15. Lakini bei haikupita 190. Ilikuwa 204 jioni, na usiku, kupitia mauzo yanayoendelea baada ya soko kufungwa, ikaporomoka bila kusubiri mlango kufunguliwa. Soko lilipofunguliwa, agizo lake liliamka na kuuza kwa bei iliyokuwapo wakati huo, chini sana ya 190. Agizo la aina hiyo hukinga dhidi ya bei inayoteremka taratibu. Dhidi ya taarifa ya usiku halina nguvu. Njia rahisi ya kupunguza hatari hiyo hupatikana mapema, nayo ni kutokuweka sehemu kubwa ya akiba kwenye kampuni moja.

Kwa nini basi kampuni isingenyamaza tu? Siku rasmi ya kutoa hesabu ilikuwa tarehe 22 Septemba, wiki moja tu mbele. Nchini Marekani hakuna kiwango maalumu cha kushuka kwa faida kinacholazimisha onyo. Lakini tangu mwaka 2000 kuna kanuni inayokataza kampuni kuwanong'oneza wawekezaji wakubwa au wachambuzi jambo zito bila kulitangaza kwa wote, na anayekalia makadirio huku akijua hayashiki hujiweka kwenye hatari ya kushtakiwa na wenye hisa. Kampuni inayotangaza wiki moja kabla huwa inasema, bila kutamka, kwamba pengo ni kubwa kiasi cha kutoweza kusubiri hata siku saba. Kwa hiyo tarehe ya onyo nayo ni taarifa.

Kenya imechagua njia nyingine. Huko kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi hutakiwa kutoa onyo inapoona kwamba faida ya mwaka itakuwa chini ya ile ya mwaka uliopita kwa angalau asilimia 25. Ndiyo maana kila miezi ya mwisho wa mwaka magazeti ya Nairobi huanza kuchapisha matangazo yale mafupi yanayowataka wenye hisa kuwa waangalifu wanaponunua na kuuza. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mstari unajulikana na hakuna wa kubishana nao. Udhaifu wake ni kwamba kipimo ni mwaka jana, wakati bei ya hisa hupimwa kwa matarajio. Kampuni iliyowaahidi watu ukuaji mkubwa, ikapata faida ile ile ya mwaka jana, imewaangusha waliomwaga fedha zao kwa ajili ya ukuaji huo, na kanuni haiilazimishi kusema kitu. Robo ile ya FedEx yenyewe faida kwa hisa ilikuwa chini kwa kama asilimia 21 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kwa kipimo cha asilimia 25 isingefika mstarini, na bado ilitosha kuitikisa New York.

Turudi Memphis, kwa sababu sehemu ninayoiona kuwa na mafunzo mengi zaidi ni sababu ambazo kampuni ilizitoa. Taarifa ilitaja kuzorota kwa uchumi barani Asia na matatizo ya huduma barani Ulaya. Jioni ile Subramaniam alihojiwa na kituo cha televisheni cha CNBC, akaulizwa kama dunia inaingia kwenye mdororo wa uchumi. Akajibu kwamba anadhani hivyo. Kauli hiyo ndiyo iliyobeba vichwa vya habari, na kwa kuwa FedEx hubeba mizigo ya karibu kila aina ya biashara, wengi waliamini kwamba ameona kitu ambacho wao hawajakiona. Siku iliyofuata hisa za mshindani wake mkuu, UPS, nazo zilishuka, kwa kati ya asilimia 4 na 5.

Lakini zisome tena sababu zile mbili. Uchumi wa Asia ni tatizo la kila msafirishaji. Matatizo ya huduma Ulaya ni tatizo la FedEx. Mwaka 2016 ilikuwa imeinunua kampuni ya TNT, na kazi ya kuunganisha mitandao hiyo miwili ilikuwa ndefu na yenye gharama. Nyumbani Marekani nako ilikuwa inaendesha vitengo vya haraka na vya barabarani kama kampuni mbili, kila kimoja na magari yake, maghala yake na madereva wake, kiasi kwamba magari mawili ya FedEx yangeweza kupita mtaa mmoja asubuhi moja. UPS ilikuwa ikitumia mtandao mmoja. Onyo la faida karibu siku zote huchanganya tatizo la wote na tatizo la nyumbani katika aya moja, na la wote huwekwa mbele. Kazi ya msomaji ni kuyatenganisha.

Njia ya kuyatenganisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: subiri mshindani aseme. Mwishoni mwa Oktoba 2022 UPS ilitoa hesabu zake na kubaki na makadirio yake ya mwaka kama yalivyokuwa. Kama mzigo wa dunia nzima ungekuwa umekauka, isingeweza kufanya hivyo. Uchumi wa dunia wenyewe haukunywea mwaka uliofuata. Ulikua kwa zaidi ya asilimia 3. Siseme kwamba Subramaniam alidanganya. Biashara ya mizigo ilipoa kweli baada ya ule msimu wa manunuzi ya mtandaoni ulioletwa na janga la UVIKO-19. Lakini mdororo alioutabiri haukuja, na kilichoielemea kampuni yake kuliko wenzake kilikuwa gharama zake yenyewe.

Ushahidi wa hilo uko kwenye hatua alizochukua. Ndani ya taarifa ile ile ya Septemba, FedEx ilisema itafunga zaidi ya maduka yake 90 ya huduma za ofisi na uchapaji, itaegesha baadhi ya ndege, itapunguza shughuli za Jumapili na itasitisha baadhi ya ajira mpya. Wiki moja baadaye, tarehe 22, iliongeza kwamba itabana gharama za kati ya dola bilioni 2.2 na 2.7 katika mwaka huo wa hesabu. Aprili 2023 ikatangaza kuunganisha vitengo vyake kuwa kampuni moja. Kampuni inayoamini kwamba shida yote iko nje haifanyi ukarabati wa namna hiyo ndani.

Na bei ya hisa? Desemba 2022 FedEx ilirudisha makadirio ya mwaka, safari hii dola 13 hadi 14, yaani chini kabisa ya zile dola 18.50 ambazo soko lilikuwa limejikadiria Septemba. Mtu angetarajia anguko jingine. Halikuja. Robo ile faida ilikuwa dola 3.18, juu ya zile 2.75 zilizoahidiwa, na kubana matumizi kulianza kuonekana. Machi 2023 makadirio yakapandishwa hadi kati ya dola 14.60 na 15.20, na hisa ikavuka dola 204, pale pale ilipokuwa kabla ya ile Ijumaa. Mwaka ulifungwa kwa dola 14.96. Faida ilikuwa ndogo sana kuliko ile iliyoahidiwa Juni, huku bei ikiwa juu kuliko ilivyokuwa kabla ya onyo la Septemba. Wanunuzi walikuwa wamerudia kulipia miaka ya mbele, kwa kuwa sasa waliona gharama zinashuka na kampuni inatimiza nambari inazozitamka.

Si kila onyo huisha hivyo. Kuna kampuni zinazoshusha makadirio kidogo, kisha tena baada ya miezi mitatu, kisha tena, kwa sababu uongozi hauko tayari kusema ukweli wote siku moja. Dalili ya kampuni kama hiyo huonekana mapema: sababu hubadilika kila robo, leo ni fedha za kigeni, kesho mvua, keshokutwa wateja, na hakuna gharama yoyote inayotajwa kwa jina na kiasi kwamba itakatwa. FedEx ilitaja maduka, ndege na mabilioni, na mtu aliweza kuja kuhesabu baadaye kama vimefanyika.

Imani iliyorudi namna hiyo hubaki nyepesi. Septemba 2024, miaka miwili baadaye, FedEx ilitoa hesabu za robo yake ya kwanza: faida ya dola 3.60 kwa hisa wakati wachambuzi walisubiri zaidi ya dola 4.70. Makadirio ya mwaka yalipunguzwa upande wa juu tu, kutoka dola 20 hadi 22 yakawa dola 20 hadi 21. Asubuhi ya tarehe 20 wauzaji walikuwa tayari wamejipanga, na hadi jioni hisa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 15.